Akaunti ya kubeti imefungwa: yanayosemwa vijiweni Mbeya, na ukweli wake

Nina kibanda cha uwakala wa pesa karibu na soko la Mwanjelwa, na kwa sababu miamala ya kubeti inapita mikononi mwangu kutwa nzima, malalamiko nayo yananifikia. Mtu anakuja na simu mkononi, ananionyesha ujumbe mwekundu kwamba akaunti yake imesimamishwa, ananiuliza: "Kaka, pesa yangu imeliwa?" Wakati mwingine imeliwa kweli. Mara nyingi kuna sehemu inayoweza kurudi, lakini mwenyewe anaiharibu kwa maneno ya kwanza anayoiandikia kampuni.

"Wamenifungia kwa sababu nimeshinda mkeka mkubwa"

Hili ndilo naloambiwa kuliko yote, na kwa kawaida si kweli. Kampuni haimwogopi mtu wa mkeka wa timu kumi na mbili. Tazama odi za mechi moja: nyumbani 2.10, sare 3.30, ugenini 3.40. Gawa 1 kwa kila odi, kisha jumlisha, utapata kama 1.07, yaani 107 kwa mia. Hiyo saba inayozidi mia ndiyo faida ya kampuni, na kila timu unayoiongeza kwenye mkeka inaikuza. Aliyeshinda mara moja hivyo anatarajiwa kurudi na kuziacha pesa palepale.

Anayewasumbua ni mwingine kabisa. Ni yule anayebeti mechi moja moja, anachukua odi ya 2.10 asubuhi, na mpaka mpira unaanza odi ileile imeshuka hadi 1.80. Akifanya hivyo wiki baada ya wiki, kampuni inajua anaona bei kabla yao, hata kama mwezi huo amepoteza. Huyu hafungiwi akaunti, anapunguziwa dau. Anajaribu kuweka laki moja, mfumo unamkubalia elfu mbili. Kukata rufaa kwa hilo mara nyingi ni kupoteza muda, kwa sababu masharti aliyoyakubali siku ya kujisajili huwa yanaipa kampuni haki ya kukataa dau lolote. Anachoweza kudai ni pesa iliyokwisha kuingia kwenye salio na tiketi ambazo kampuni ilizikubali kabla.

"Laini mbili, watu wawili, akaunti mbili: kosa liko wapi?"

Hapa ndipo wengi wa kwetu wanaponaswa, nami huwaonea huruma kwa sababu wengine hawana nia mbaya. Bonasi ya kujiunga kwa kawaida hutolewa moja kwa mtu mmoja, na masharti mengi yanaongeza: moja kwa kaya, moja kwa kifaa. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Mtu mwenye akaunti mbili, kila moja na bonasi ya 20,000, anaweza kuweka moja kwenye "mabao zaidi ya 2.5" na nyingine kwenye "chini ya 2.5", zote kwa odi ya 1.90. Matokeo yakiwa yoyote, upande mmoja unaleta 38,000 na yeye hajahatarisha hata mia yake. Hicho ndicho wanachokiita matumizi mabaya ya bonasi, na kompyuta yao inakitafuta usiku na mchana.

Sasa kisa cha fundi pikipiki mmoja wa Uyole. Aliweka 20,000, akapewa bonasi ya 20,000 yenye sharti la kuizungusha mara tano kabla ya kutoa. Siku chache baadaye dada yake naye akajiunga kwa simu ileile, akaweka 10,000. Laini ya dada ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha kaka. Ikaja mechi ya Simba na Yanga. Kaka akaiwekea Yanga, na dada, ambaye ni Simba damu, akaiwekea timu yake dakika arobaini baadaye. Nyumbani ulikuwa utani wa watani wa jadi. Kwa kompyuta zilikuwa akaunti mbili, simu moja, kitambulisho kimoja na pande mbili za mechi moja. Zote zikafungwa, ya kaka ikiwa na 118,000.

"Kana kila kitu, hawana ushahidi"

Fundi alishauriwa hivyo kijiweni, akaandika: "Sina akaunti nyingine, namba hiyo siijui." Siku ya pili akajibiwa kwamba rufaa imekataliwa. Alipofika kwangu nilimwambia apige *106#, msimbo unaoonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya dada ikatokea kwenye orodha. Nilimwona akinyamaza muda mrefu, kidole kikiwa juu ya kioo.

Si kila alama ni ushahidi mzito, na hili ukilijua linasaidia. Anwani ya intaneti peke yake ni dhaifu, kwa kuwa kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kama ndilo jambo pekee unaloshitakiwa, liseme wazi kwenye rufaa. Lakini simu moja, laini ya kitambulisho kimoja na mtu mmoja anayetoa pesa za akaunti mbili, hivyo havikaniki.

"Wakifunga, salio lote ni lao"

Salio lina tabaka, na rufaa nzuri inazitenganisha. Tulikaa na historia ya tiketi zake. Tiketi ya kwanza alitumia 20,000 zake mwenyewe kwa odi ya 2.20, ikaleta 44,000 kabla bonasi haijaguswa. Zile 74,000 zilizobaki zilitokana na bonasi. Tukaandika upya, bila hasira:

"Akaunti ya pili ni ya dada yangu. Alitumia simu yangu na laini iliyosajiliwa kwa jina langu. Naambatanisha kitambulisho chake. Nilikosea kusema siijui. Sidai pesa iliyotokana na bonasi. Naomba 44,000 za tiketi niliyoicheza kwa pesa yangu kabla ya bonasi, na 10,000 alizoweka dada. Naomba pia mnitajie kifungu cha masharti mlichokitumia."

Tuliambatanisha ujumbe wa muamala wa kuweka pesa wenye namba ya kumbukumbu, picha ya skrini ya tiketi ikionyesha saa, na ukurasa wa masharti ya ofa kama ulivyosomeka. Tuliituma kwa barua pepe, maana mazungumzo ya simu hayakuachii karatasi mkononi. Wale wa duka la kubeti wasisumbuliwe, hawana uwezo wa kufungua akaunti.

Baada ya siku kumi na sita zilirudi 54,000. Zile 74,000 zilikataliwa, na akaunti zote mbili zikabaki zimefungwa. Kwa ushahidi uliokuwepo, naona ilikuwa haki.

Kama kampuni ingekaa kimya au ingeshikilia hata pesa aliyoiweka mwenyewe, hatua inayofuata ilikuwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ndiyo inayotoa leseni. Kwao unapeleka mtiririko wote: ulichoandika, ulichojibiwa, tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakupa haki ya kuomba taarifa zako ambazo kampuni inazishikilia. Kampuni isiyo na leseni ya Bodi huna pa kuishitakia kwa njia hii, kwa hiyo leseni iangaliwe kabla ya kuweka hata buku.

Wakati rufaa inaendelea, usifungue akaunti mpya kwa namba ya mke au ya jirani. Itaonekana, na itageuza kosa la bahati mbaya kuwa la makusudi. Na yule wa kwenye magrupu anayesema ana mtu wa ndani, atakufungulia kwa 15,000, anataka hiyo 15,000 na namba yako ya siri.