Nyanya au tungule?

Kuna ujumbe unaosambazwa: "Nyanya ni bibi. Tunda ni tungule. Anayesema nyanya sokoni hajui Kiswahili. Sambaza."

Yote mawili ni Kiswahili. Tungule ni neno letu Mombasa, na nalipenda. Ila nyanya ndilo linaloeleweka kote, pwani na bara. Fungua kamusi: nyanya utaikuta kama tunda na kama bibi. Ngeli ndiyo hutenganisha. "Nyanya hizi zimeiva" ni za mchuzi. "Nyanya huyu amefika" ni mtu. Watu huchanganyikiwa kwa kutazama neno pekee, bila sentensi yake. Sokoni Kongowea, Mombasa, utauziwa kwa jina lolote, lakini ukiitisha tungule Nakuru, huenda muuzaji akakuuliza ni nini. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiupeleke mbele.