Mkutano wa ukumbini na mtandaoni: swali la mtu wa mbali lipitie wapi?

Chukua mkutano mkuu wa mwaka wa sacco moja ya hapa Nairobi. Wanachama 120 wamekaa ukumbini Upper Hill. Wengine 180 wako mtandaoni: wa Eldoret, wa Mombasa, walio kazini Doha, na waliokwama kwenye foleni ya Waiyaki Way wakisikiliza kwa simu. Mweka hazina anamaliza hesabu, mwenyekiti anauliza, "Kuna swali?" Mikono inainuka papo hapo. Mwanachama wa Doha ndiyo kwanza anaanza kuandika. Akimaliza sentensi yake ya pili, maswali matatu ya ukumbini yameshajibiwa na mwenyekiti anatazama saa.

Hapo hakuna aliyemdharau mtu. Kuinua mkono huchukua sekunde moja, kuandika swali kwenye simu huchukua dakika moja au zaidi, na anayewahi ndiye anayepewa nafasi. Kwa hiyo dirisha la maswali ya mtandaoni lifunguliwe dakika kumi kabla mzungumzaji hajamaliza, na mwenyekiti alitangaze kwa mdomo: "Walio mtandaoni, anzeni kuandika maswali sasa." Kisha swali la kwanza kabisa litoke mtandaoni, la pili ukumbini, wapokezane hivyo hadi mwisho. Ukiwa na dakika 40 za maswali, na kila swali na jibu lake vikila dakika nne, una maswali kumi: matano huku, matano kule. Mwenyekiti aijue hesabu hiyo kabla hajapanda jukwaani.

Sasa, jukwaa gani? Watu wengi hukimbilia YouTube kwa sababu haina bei wala kikomo cha watazamaji. Kwa harusi ni sawa. Kwa mkutano wenye maswali ni tatizo, maana matangazo ya kawaida ya YouTube huchelewa sekunde kadhaa, mara nyingine hadi nusu dakika. Mwenyekiti anauliza kama kuna swali, anasubiri, haoni kitu, anaendelea. Kumbe walio mtandaoni hata hawajamsikia akiuliza. Zoom huchelewa chini ya sekunde moja mtandao ukiwa mzuri. Kwa sacco yetu ningechukua webina ya Zoom badala ya mkutano wa kawaida, kwanza kwa sababu akaunti nyingi za mkutano huishia watu 100, na pili kwa sababu ya dirisha la `Q&A`. Ndani yake kila swali hukaa peke yake, halizamishwi na salamu za "nawasikia vizuri kutoka Kisii". Kwenye mipangilio, ruhusu wahudhuriaji waone maswali yote na wayapigie kura. Mtu akikuta swali la gawio limeshaulizwa hupiga kura tu badala ya kuliandika upya, nawe unajua lipi linawawasha wengi.

Dirisha lisilo na mtu ni mapambo. Mwenyekiti hawezi kuendesha ukumbi huku akisoma maswali kwenye kompyuta. Atafanya moja na kusahau lingine, na linalosahaulika ni la mtandaoni kila mara. Weka mwendeshaji wa mtandaoni ambaye hana kazi nyingine siku hiyo. Akae mbele, mahali ambapo macho yake na ya mwenyekiti yanakutana, si nyuma kwenye meza ya mafundi. Awe na maiki yake mwenyewe, na ruhusa ya kukatiza: "Mwenyekiti, zamu ya mtandaoni." Bila maiki hiyo atabaki kupeleka vikaratasi, na kikaratasi mezani huwekwa chini ya glasi ya maji kikasahaulika hapo.

Kazi yake huanza kabla ya zamu. Huunganisha maswali yanayofanana, hupanga matano ya kwanza, na swali refu huliuliza kwa sentensi mbili akitaja jina la aliyeliandika na alipo. Kama mtu anataka kuuliza kwa sauti yake, mwendeshaji humwandikia mapema, "Unafuata wewe," kisha hubonyeza `Allow to Talk` wakati jibu la swali lililotangulia bado linaendelea. Mwanachama naye lazima akubali kwenye simu yake kuwasha maiki. Shughuli hiyo yote yaweza kula sekunde 15, na sekunde 15 za kimya ukumbini zinatosha mwenyekiti kusema, "Inaonekana hayupo, tuendelee."

Akishaanza kuzungumza, linakuja suala la sauti, na hapa ndipo mengi huharibika. Sauti yake inatoka kwenye kompyuta na kuingia kwenye miksa ili ukumbi usikie. Papo hapo miksa inapeleka sauti ya ukumbi kwenye kompyuta ili walio mtandaoni wasikie. Fundi asipotenganisha njia hizo mbili, sauti ya mtu wa Doha inamrudia masikioni, anajikwaa kwa maneno yake mwenyewe, ananyamaza. Dawa yake ni kupeleka sauti mtandaoni kupitia `Aux`, njia ya pembeni ya miksa ambayo unachagua mwenyewe sauti za kuingia, si kupitia sauti kuu ya spika. Maiki zote zifunguliwe kwenye `Aux` hiyo, lakini kitufe cha `Aux` cha chaneli ya kompyuta kishushwe hadi sifuri. Jihadhari na miksa ndogo zenye waya wa USB. Nyingi hutuma sauti kuu nzima kwa USB, yaani pamoja na ya Zoom yenyewe, kwa hiyo mwangwi unarudi palepale. Kwa miksa kama hiyo, toa sauti kwenye tundu la `Aux` na uiingize kwenye kompyuta kwa kisanduku cha sauti cha nje.

Ujaribu vipi? Usijaribu kwa simu ukiwa ndani ya ukumbi, utadanganyika. Mwombe mtu aliye Rongai au Ruaka aingie kwa bando zake, azungumze dakika moja, aseme kama anajisikia. Kisha mtu asimame safu ya mwisho ukumbini aulize swali bila maiki: wa Ruaka hatasikia neno. Ndiyo maana watu 120 wanahitaji angalau maiki mbili za kuzungushwa na vijana wawili wenye miguu myepesi. Akitokea mzee aliyeuliza kwa sauti kubwa bila kusubiri maiki (na atatokea), mwenyekiti alirudie swali kabla ya kulijibu.

Huyo wa Ruaka usimwache aondoke. Mpe haki za mwenyeji mwenza kwenye Zoom. Stima zikipotea Upper Hill, jenereta huwaka baada ya sekunde chache, lakini ruta ikizimika huchukua dakika kadhaa kurudi mtandaoni. Ruta na kompyuta vikiwa kwenye UPS, hakuna atakayejua. Visipokuwa, ukumbi utaendelea kwa sauti za mdomo huku watu 180 wakitazama skrini iliyoganda. Mwenyeji mwenza aliye nje ndiye anayeweza kuwaambia wasubiri, na mwenyekiti asichukue swali lolote hadi mwendeshaji ainue mkono kuonyesha kwamba wamerudi.

Dakika 40 zikiisha, kwenye `Q&A` huenda yamebaki maswali 20. Pakua ripoti ya maswali hayo, yajibiwe kwa maandishi ndani ya siku mbili, na majibu yatumwe kwenye kundi la WhatsApp ambalo wa ukumbini pia wamo, maana nusu ya hayo nao walitaka kuyauliza.