Mtoto Aogeshwe Saa Ngapi Jioni, na Maji ya Joto Gani?

Mama mmoja alifika kliniki yetu ya mama na mtoto, Dar es Salaam, akiwa amembeba kijana wake wa miezi mitano. Uzito wa mtoto ulikuwa mzuri na chanjo zilikuwa zimekamilika. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa hoi. "Nesi, huyu hanipi usingizi. Namwogesha maji ya moto kila usiku kama mama mkwe alivyonielekeza, na bado inachukua saa nzima kumlaza. Nikimweka tu, macho kodo."

Tulimwomba atueleze jioni yao ilivyo, hatua kwa hatua. Mtoto alikuwa anaogeshwa saa 3:00 usiku, baba akisharudi kazini. Bibi ndiye aliyekuwa akichanganya maji. Baada ya kuoga, mtoto alipakwa mafuta, akavishwa fulana, suruali, soksi na kofia, akaviringishwa kwenye blanketi na kulazwa papo hapo. Tulimpa kazi moja ya kufanya kabla hajarudi wiki iliyofuata: apime joto la maji ambayo bibi ameyachanganya na kuyaona yako sawa. Alirudi na jibu la nyuzi joto 41.

Bibi hakuwa na kosa la uzembe. Mkono uliopika na kuepua masufuria kwa miaka 40 umeota sugu, na maji ya nyuzi 41 huuhisi kuwa ni ya vuguvugu tu. Kwa mtoto mchanga, maji salama ya kuoga ni nyuzi 37 hadi 38, yaani joto linalokaribiana na la mwili wake. Ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu na huungua haraka zaidi. Pia mwili mdogo hupata joto upesi na kulipoteza upesi, kwa sababu eneo la ngozi yake ni kubwa ukililinganisha na uzito wake.

Lakini je, ni kweli kwamba maji ya uvuguvugu humletea mtoto usingizi? Jibu liko kwenye kinachotokea baada ya kuoga. Jioni, mwili unapojiandaa kulala, joto la ndani huanza kushuka. Mishipa midogo ya damu kwenye viganja na nyayo hutanuka, damu yenye joto huja karibu na ngozi, na joto hutoka nje. Maji ya uvuguvugu huisaidia kazi hiyo kwa kuitanua mishipa hiyo. Mtu akishatoka majini na kukaushwa, joto la ndani huendelea kushuka, na usingizi huja pamoja na kule kushuka. Anayelazwa akiwa bado amejaa joto la maji analazwa kabla ya wakati.

Kwa watu wazima jambo hili limepimwa vizuri. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walikusanya tafiti nyingi za aina hii na kuzichambua kwa pamoja. Waliona kwamba kuoga maji ya nyuzi 40 hadi 42.5, saa moja hadi mbili kabla ya kulala, humfanya mtu apate usingizi karibu dakika 10 mapema kuliko kawaida yake. Wazazi wengi husikia habari hii wakaihamishia kwa mtoto ilivyo, pamoja na joto lake. Tafadhali msifanye hivyo. Nyuzi 40 ni za mtu mzima. Mtoto akitiwa kwenye maji ya joto hilo hupata joto la kupita kiasi, ngozi hugeuka nyekundu, na wakati mwingine hulegea akaonekana kama anayesinzia. Kulegea huko mzazi asikuchukulie kuwa ndio usingizi mzuri. Mtoe majini, mfungue nguo, mpeleke mahali penye hewa, mnyonyeshe. Asiporudi katika hali yake haraka, mpelekeni kituo cha afya.

Kwa watoto, utafiti tunaoutegemea zaidi ulichapishwa mwaka 2009, ukiongozwa na Jodi Mindell wa Philadelphia, Marekani. Akina mama 405 wenye watoto wa miezi 7 hadi 36 walifuatiliwa kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza waliendelea na desturi zao. Wiki mbili zilizofuata, sehemu yao walipewa utaratibu mmoja wa kila usiku: kumwogesha mtoto, kumpaka mafuta au losheni kwa kumkanda polepole, kisha utulivu kama kumbembeleza au kumwimbia, na taa kuzimwa ndani ya dakika 30 tangu atoke majini. Watoto hao walianza kulala upesi zaidi na kuamka mara chache zaidi usiku, na hata mama zao waliripoti nafuu.

Hapo inafaa kusoma kwa uangalifu. Watoto wale hawakupewa maji peke yake. Walipewa maji, mkono wa mama, sauti ya chini na giza, kwa mpangilio uleule kila siku. Utafiti haukutenganisha sehemu ya kila kimoja, na gharama zake zililipwa na kampuni inayouza bidhaa za kuogeshea watoto. Kwa maoni yangu, baada ya kuziona familia nyingi, maji yana mchango wao, ila mpangilio unaojirudia una mchango mkubwa zaidi. Mtoto wa miezi mitano hajui saa. Anachojua ni kwamba baada ya beseni huja taulo, baada ya taulo huja ziwa la mama, na baada ya ziwa huja giza.

Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili au mitatu, msitarajie mengi. Saa ya mwili wake, ile inayotofautisha usiku na mchana, bado haijajengeka, na tumbo lake dogo linamwamsha kila baada ya saa chache. Kumwogesha jioni hakutabadilisha hilo. Kwa aliyezaliwa leo, Shirika la Afya Duniani linashauri kuogeshwa kwa mara ya kwanza kusubiri angalau saa 24, kwa sababu mtoto mchanga aliyelowa hupoa upesi sana.

Sasa tuje kwenye beseni lenyewe. Anza na maji ya baridi, kisha ongeza ya moto, ili hata ukisahau au ukiitwa mlangoni, beseni lisiwe na maji ya kumwunguza mtu. Kiasi cha maji ya moto hutegemea mahali unapoishi. Tuseme unataka lita 6 za maji ya nyuzi 37.5, na maji yako ya moto yametoka kuchemka, yakakaa kidogo yakafika nyuzi 90. Dar es Salaam, maji ya bomba yenye nyuzi 28 hivi yatahitaji chini kidogo ya lita 1 ya maji hayo ya moto. Njombe, asubuhi ya baridi au jioni ya Juni, maji ya nyuzi 15 yatahitaji karibu lita 2, yaani maradufu. Ndiyo maana mama aliyehamia mjini akiendelea na kipimo cha nyumbani kwao, kwa mfano jagi moja na nusu, humwandalia mtoto maji makali bila kujua.

Yakoroge mpaka chini, kwani maji ya moto hukaa juu na mkono ukigusa sehemu moja tu utadanganyika. Kisha tumbukiza kiwiko, au upande wa ndani wa kifundo cha mkono, sehemu ambazo hazina sugu. Ukihisi joto, yamezidi. Ukihisi baridi, yamepungua. Yakiwa sawa, karibu hutahisi lolote. Kwa siku chache za mwanzo, kipimajoto cha homa cha dijitali kinatosha kukuzoesha kiwiko, maana kwa kawaida hufika nyuzi 42 hivi. Kichovye ncha tu. Kile cha kioo chenye zebaki kisikaribie beseni la mtoto. Akishaingia, usimwongezee maji ya moto akiwa ndani, na usimwache hata kwa kufuata taulo. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha.

Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, hasa shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja, kwa sababu unyevu unaobaki humpoza ghafla akaanza kulia. Baada ya hapo mwache mwili wake upoe taratibu. Kofia, soksi na blanketi katika chumba chenye joto la Dar huziba njia zilezile ambazo joto lingetokea, yaani kichwa na nyayo. Mvishe kadiri unavyovaa wewe, ukizidisha vazi moja jepesi tu. Usimpime kwa viganja vyake, ambavyo mara nyingi huwa baridi hata akiwa salama. Gusa kifua au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza nguo.

Kwa kijana wetu tulishauri aogeshwe saa 12:30 jioni, kabla ya baba kurudi, kwa maji ya nyuzi 37.5. Baada ya hapo anakandwa na bibi kwa mafuta kidogo, fulana moja nyepesi, ananyonya kwenye chumba chenye taa hafifu, na analazwa chali saa 1:30 usiku akiwa anasinzia. Ile saa moja katikati si sheria. Kuna watoto ambao maji huwachangamsha, wakapiga teke na kucheka, na hao tunawasogezea kuoga mapema zaidi au hata asubuhi, ibaki mpangilio mwingine wa jioni. Wengine hutulia mara tu wakaushwapo, na nusu saa huwatosha.

Bibi alikubali kiwiko baada ya kuona namba kwa macho yake. Baba ndiye aliyesikitika, kwani kuogesha ilikuwa saa yake na mwanawe, kwa hiyo sasa anamwogesha Jumamosi na Jumapili, saa ileile ya 12:30. Walipokuja baada ya wiki mbili, mtoto alikuwa analala ndani ya dakika 20 hivi. Bado anaamka saa 8:00 usiku kunyonya, na katika umri wake hiyo ni haki yake.

Mama aliuliza swali moja la mwisho, kuhusu siku za mgao wa maji. Tulimjibu kwamba ngozi ya mtoto haidai beseni kila siku. Lita 1 ya maji ya vuguvugu na kitambaa laini vinatosha kumfuta uso, shingo, makwapa na makalio, kwa saa ileile na mahali palepale, kisha mafuta, ziwa na giza vifuate kama kawaida.