Mashine ya kufulia haitoi maji? Usikimbilie kununua pampu

"Pampu imekufa, nitafutie nyingine." Fundi wa mashine za kufulia huambiwa hivyo mara kwa mara, na mteja keshaulizia bei dukani. Ukifungua kile kimlango kidogo cha chini unakuta pampu ni nzima, ila filta iliyo mbele yake imejaa sarafu, vibanio vya nywele na nyuzi za taulo. Ukifunga pampu mpya na uchafu ule ukaachwa mahali pake, mashine itagoma vilevile na pesa imeshatoka.

Maelezo haya ni ya mashine zinazofunguliwa mbele, zenye mlango wa kioo.

Dhana: Maji hayatoki, basi pampu imekufa

Kabla ya kusema hivyo, sikiliza. Pampu ya kutoa maji ni mota ndogo yenye feni ya plastiki. Maji yanayoshuka kutoka kwenye ngoma hupita kwenye filta, kisha feni inayasukuma juu kupitia mpira wa kutolea maji. Mashine ikifika hatua ya kutoa maji na ukasikia inavuma lakini maji hayatoki, ujue umeme unafika kwenye mota na mota inajaribu kufanya kazi. Kuna kitu kimeziba njia au kimeshika feni. Ikiwa kimya kabisa, hapo ndipo pana haja ya fundi kupima mota na waya zake.

Tuseme mashine ya kilo 7 imepewa taulo na jinzi. Imefua vizuri, kisha inasimama kwenye kusuuza, maji yakiwa nusu ya kioo. LG itaonyesha `OE`, Samsung `5E` au `5C`, na Bosch nyingi `E18`. Zote zinasema jambo moja: nimejaribu kutoa maji, nimeshindwa. Hazisemi pampu imeungua.

Zima mashine na uchomoe plagi kwenye soketi. Kama ulifua kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, subiri yapoe, maana maji hayo yatakumwagikia mikononi. Kimlango cha filta kiko chini mbele, mara nyingi upande wa kulia. Tandika matambara sakafuni na utafute sinia. Narudia, sinia: tundu la filta liko karibu sana na sakafu, kwa hiyo ndoo haipiti chini yake na beseni lenye ukingo mrefu nalo halipiti. Watu wengi hufurisha jiko zima kwa sababu ya hilo tu.

Pembeni mwa filta, mashine nyingi zina kimpira chembamba chenye kizibo. Kivute nje, kilaze juu ya sinia, ng'oa kizibo, maji yatoke. Sinia likikaribia kujaa, rudisha kizibo, mwaga, endelea. Mashine iliyosimama na maji nusu ya kioo inaweza kutoa lita 10 hadi 20, kwa hiyo utarudia mara nyingi, usiharakishe. Kama kimpira hakuna, fungua filta yenyewe robo mzunguko tu, kinyume cha saa, maji yachuruzike, kisha ukaze na umwage. Usiifungue yote wakati ngoma ina maji, kwani hutaweza kuirudisha kwa wakati.

Maji yakiisha, zungusha filta hadi itoke. Ikikataa katikati, usilete koleo. Mara nyingi kuna sarafu au waya wa sidiria ulionasa nyuma yake, na ukilazimisha utavunja kishikio cha plastiki. Izungushe mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka kilichonasa kiachie.

Kwa mfano huu, kwenye filta utakuta donge la nyuzi za taulo lililoshikana kama sufi yenye utelezi, na ndani yake sarafu ya shilingi 100 iliyosahauliwa mfukoni mwa jinzi. Wengi huosha filta, wanairudisha, halafu wanashangaa mashine bado inavuma. Kazi haijaisha. Mulika tochi ndani ya tundu uone feni ya pampu, kisha ijaribu kuzungusha kwa kidole au ncha ya penseli. Feni nzima huenda kwa kurukaruka, inakwama kidogo kisha inaachia, kwa sababu ya sumaku iliyo ndani ya mota. Huko kukwama si ubovu, ingawa pampu nyingi hutupwa kwa kosa hilo. Feni isiyozunguka kabisa ina kitu kilichoishika: kibanio cha nywele, kijiti cha meno, uzi uliojiviringisha kwenye mhimili. Kitoe kwa kibano.

Osha filta kwa maji ya bomba na mswaki wa zamani. Futa mpira wa kuzibia unaoizunguka, pamoja na mdomo wa tundu, kwa kuwa chembe moja ya mchanga hapo inatosha kufanya maji yavuje. Irudishe ikiwa imenyooka, ikaze kwa mkono mpaka igote. Rudisha kizibo cha kimpira. Kisha mimina lita 2 za maji kupitia droo ya sabuni, chagua kukamua peke yake, na uangalie chini. Maji yakitoka na sakafu ikabaki kavu, umemaliza. Feni ikizunguka vizuri na maji bado hayatoki, kagua mpira wa kutolea maji: huenda umekunjwa nyuma ya mashine, au umeziba mwishoni kwa nyuzi na mabaki ya sabuni.

Dhana: Siki au dawa ya kuzibua mabomba itasafisha filta

Siki haiyeyushi sarafu. Dawa za kuzibua ni kali kwa mipira ya mashine, na zikibaki ndani, atakayefungua filta ndiye atakayeungua mikono. Usimimine.

Dhana: Mlango haufunguki, kitasa kimeharibika

Mashine hufunga mlango kwa makusudi maji yakiwa ndani. Toa maji kwanza, acha dakika chache, kisha jaribu tena. Wanaouvuta kwa nguvu ndio wanaovunja kitasa kilichokuwa kizima.

Dhana: Filta ikisumbua, itoe ufue bila hiyo

Filta ndiyo kifuniko cha tundu lenyewe. Ukiitoa, maji yote yanamwagika sakafuni. Kuna wanaokata ule wavu wa ndani na kubakiza kifuniko. Hao wamefungulia sarafu njia ya kwenda moja kwa moja kwenye feni, na safari hii pampu itakufa kweli.

Dhana: Filta hufunguliwa mashine ikigoma tu

Ifungue kila mwezi, na mapema zaidi ukifua mablanketi, taulo mpya au nguo za watoto wanaocheza mchangani. Kagua mifuko kabla ya kufua, na sidiria zenye waya zitie kwenye mfuko wa wavu.

Dhana: Kila mashine ina filta hii chini

Zile zenye matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, kwa kawaida hazina pampu upande wa kufulia. Maji hushuka yenyewe ukigeuza kitufe cha kutolea. Isipotoa, tazama mpira wake kwanza: umetundikwa juu ukutani, na maji hayawezi kupanda. Ulaze chini.