Taratibu mpya za harusi ukumbini: tarehe ihesabiwe kutoka nyuma

Baraza la wazee limepitisha taratibu mpya za kufunga ndoa na kufanyia harusi katika ukumbi wa usharika. Zinaanza kutumika tarehe 1 Januari 2027. Tangazo lililosomwa Jumapili lilikuwa fupi, na tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Mimi ndiye ninayeshika daftari la ukumbi na kupanga mafunzo ya ndoa hapa kwetu Dar es Salaam, kwa hiyo ninaeleza kwa kirefu ili kamati za harusi zisije kugombana na mlinzi getini.

Wengi wameuliza kwanza bei. Mimi naanza na tarehe, kwa sababu ndiyo inayoharibu harusi nyingi kuliko fedha.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa siku zisizopungua 21 kabla ya siku ya ndoa, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulileta. Kanisani tuna desturi yetu ya kuwatangaza Jumapili tatu mfululizo. Watu wamezoea kuchukulia kwamba Jumapili tatu ni wiki tatu, na wiki tatu ni siku 21, basi mambo yameisha. Hesabu haiko hivyo. Kutoka tangazo la kwanza hadi la tatu ni siku 14 tu.

Tuchukue maharusi wanaotaka Jumamosi tarehe 3 Julai 2027. Kamati yao inasema watatangazwa tarehe 13, 20 na 27 Juni, kisha Jumamosi inayofuata wanafunga ndoa. Hesabu kuanzia tarehe 13 Juni hadi 3 Julai: ni siku 20. Imepungua moja. Na itapungua hivyo hivyo kila mara ndoa ikiwa ya Jumamosi, mwezi wowote ule. Ndiyo maana utaratibu mpya unasema tangazo la kwanza lisomwe angalau Jumapili nne kabla ya harusi. Kwa maharusi wetu hawa ni tarehe 6, 13 na 20 Juni, na Jumapili ya tarehe 27 inabaki wazi. Jumapili hiyo si ya kupoteza. Ikiwa mmoja anasali usharika mwingine na huko tangazo likasahaulika wiki moja, ndipo tunapofidia.

Sasa rudini nyuma zaidi. Hatutasoma tangazo la kwanza kabla maharusi hawajamaliza mafunzo, ambayo ni vipindi sita, kimoja kwa wiki, siku za Jumatano jioni. Kipindi cha sita kikiwa tarehe 2 Juni, cha kwanza kinakuwa tarehe 28 Aprili. Ongezeni wiki mbili za dharura, maana mmoja ataugua au atatumwa safari ya kikazi, mnafika katikati ya Aprili. Fomu lazima iwe imeshapitiwa na mchungaji na vyeti vimeshaonekana, pamoja na hati ya talaka au cheti cha kifo kwa aliyewahi kuoa au kuolewa. Hapo ndipo ilipotoka miezi minne ya kuleta fomu ambayo watu wanaiona ndefu. Maharusi wa tarehe 3 Julai mwisho wao wa kuleta fomu ni tarehe 3 Machi.

Kwaresima hatufungi ndoa wala ukumbi hautumiki kwa harusi. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni tarehe 28 Machi, kwa hiyo Jumamosi ya kwanza iliyo wazi baada ya hapo ni tarehe 3 Aprili. Majilio yalijadiliwa sana barazani. Wapo waliotaka tuyafunge nayo, lakini Desemba ndiyo likizo, ndugu waliotawanyika wanakutana, na nusu ya washarika wetu wanaelekea Kilimanjaro. Yameachwa wazi. Binafsi naona ni uamuzi sahihi, ingawa mwanakwaya wetu mmoja hajanisamehe. Jumamosi moja itakuwa na harusi moja tu. Zile za kupokezana, ya mchana ikitoka saa kumi na ya jioni ikiingia saa kumi na mbili, hazitakuwepo tena.

Sasa ada. Msharika atalipia ukumbi shilingi 900,000 na asiye msharika shilingi 1,600,000. Mmoja wa maharusi akiwa msharika, inatosha kupata bei ya chini. Mafunzo ya ndoa ni bure kwa wote, na mtu yeyote akiwaomba "chochote" kwa ajili ya kipindi, niambieni. Kuna amana ya shilingi 300,000 ya uharibifu, ambayo inarudi. Inakatwa kwa mambo matatu tunayoyaona kila mara: viti vilivyovunjika, gundi na misumari ya wapambaji ukutani, na kuzidisha muda baada ya saa sita usiku. Ili pasiwe na ubishi, mpambaji atazunguka ukumbi pamoja na mimi kabla hajafungua mizigo yake na baada ya kuifunga, na atasaini mara zote mbili. Malipo yote yanaingia kwenye akaunti ya usharika. Hakuna fedha taslimu, hata ya kutanguliza.

Kwenye mkataba andikeni idadi ya watu, si idadi ya kadi. Ukumbi unabeba watu 350 wakiwa wamekaa mezani. Kamati inayochapa kadi 250 huku nyingi zikiwa za watu wawili imeshavuka hapo kabla ya kuwahesabu wapishi, kwaya na watoto.

Kilichobadilika zaidi katika fedha ni wakati wa kulipa. Zamani mtu alilipa ili ashike tarehe, kisha ndipo anaanza mafunzo. Sasa tarehe mtashikiwa bure hadi kipindi cha tatu kiishe. Hapo ndipo mnalipa theluthi ya ada, na salio linalipwa siku 21 kabla ya harusi. Baadhi ya wazee waliona tunajipunguzia mapato. Hoja yangu ilikuwa kwamba malipo ya mapema yanawafunga watu. Ukumbi ukishalipiwa, kadi za mchango zinachapwa, shangazi anatoa ahadi, vikao vinaanza, na binti aliyegundua jambo zito kwenye kipindi cha pili anakaa kimya kwa sababu fedha za watu zimeshaliwa. Kwa hiyo maharusi wakiamua kusitisha wakati wa mafunzo, au likitokea pingamizi kwenye matangazo likathibitika, tunarudisha kila shilingi. Anayehamisha tarehe bila sababu ya ugonjwa au msiba, zikiwa zimebaki siku chini ya 60, atapoteza ile theluthi. Na kamati zisichape kadi kabla ya kipindi cha tatu. Hilo siwezi kulilinda, ila naliomba.

Vipindi vyenyewe vinaendeshwa na mchungaji pamoja na mume na mke waliokaa kwenye ndoa muda mrefu. Sitavieleza vyote. Viwili ndivyo vinavyoleta maswali.

Kipindi cha fedha kila mmoja anakuja na karatasi yake, ameandika peke yake: anachopata, anachodaiwa na anaowatunza. Tunataka madeni yote, kuanzia vikoba na kausha damu hadi mkopo wa elimu ya juu, ambao kwa mwajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Tuseme kijana ana mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Mkopo wa elimu peke yake unaondoka na 120,000 kabla hajagusa kodi ya nyumba wala ada ya mdogo wake. Mwenzake akilijua hilo baada ya harusi ataona amedanganywa, wakati kijana hakuwahi kuulizwa tu. Kwenye kipindi hichohicho tunasoma kile ambacho Sheria ya Ndoa inasema kuhusu nyumba ya ndoa: mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Tunauliza pia upungufu wa bajeti ya harusi utabebwa na nani, maana ahadi hazitimii zote. Kamati ikiishia na pengo la milioni mbili, mpishi na mwenye muziki hawamfuati mwenyekiti wa kamati, wanamfuata bwana harusi.

Kipindi cha afya ndicho chenye maneno mengi mtaani, kwamba kanisa linadai majibu ya vipimo. Hatudai. Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 hairuhusu mtu kulazimishwa kupima VVU, na majibu ni siri ya aliyepima. Tunachofanya ni kuwashauri wapime pamoja na kuambiana wenyewe. Sisi hatupokei karatasi, na anayetuletea tunamrudishia.

Kipimo ambacho watu hawakifikirii ni cha selimundu, wakati Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Mtu mwenye chembe moja ya urithi wake, yaani AS, kwa kawaida ni mzima kabisa na anaweza kufika uzeeni bila kujua. Wakioana wawili wenye AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kuleta mtoto mwenye ugonjwa wenyewe, SS. Watu wanaelewa vibaya hapa: wanadhani wakipata watoto watatu wazima, wa nne ndiye atakayeumwa, au kwamba aliyeanza kuumwa ameshachukua zamu. Kila mimba inaanza hesabu yake upya. Tahadhari nyingine ni kwamba baadhi ya vipimo vya haraka vinaonyesha tu kwamba selimundu ipo, havitofautishi AS na SS. Ulizeni hospitali kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Mkikuta wote ni AS hatuzuii ndoa. Tunawaelekeza kwa daktari mkazungumze mkiwa bado na muda, na ndiyo sababu kipindi hiki ni cha pili, si cha mwisho.

Maharusi walio miji tofauti wanaweza kufanya vipindi vitatu kila mmoja kwenye usharika aliko na kuleta barua ya mchungaji wa huko. Vitatu vinavyobaki, ikiwemo vya fedha na afya, lazima wakae pamoja. Wanaokuja kubariki ndoa baada ya kuishi pamoja miaka mingi nao watapita vipindi vyote sita. Kwa uzoefu wangu hao ndio wanaobishana zaidi kwenye karatasi ya madeni.

Waliokwisha kulipia tarehe za mwaka 2027 kwa bei ya zamani hawataongezewa ada. Ila mafunzo na hesabu ya matangazo vinawahusu, kwa hiyo waje na stakabadhi zao ofisini Jumanne au Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Waje wote wawili. Mwenyekiti wa kamati anaweza kusubiri nje.