Je, wajua kwa nini gemu inaweza kukataa Windows 10 ndani ya Windows 10?

"Nataka kucheza Forza Horizon 5. Inasema inahitaji Windows 10 version 18362.0 au zaidi, na mimi tayari nina Windows 10. Inakataa nini? Nipandishe Windows au nitafute gemu nyingine?"

Kinachokataliwa ni umri wa hiyo Windows 10 uliyonayo. Microsoft ilitoa Windows 10 mwezi Julai 2015, kisha kwa miaka kadhaa ikaendelea kuibadilisha kwa ndani huku jina likibaki lile lile. Kila badiliko kubwa lilipewa namba yake. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa 10240. Toleo la 1809 lina namba 17763, toleo la 1903 lina 18362, na la mwisho, 22H2, lina 19045. Kwa hiyo gemu ikitaja 18362, inadai toleo la 1903 au lolote lililokuja baada yake. Mwenye 1809 anayo Windows 10 halali kabisa, lakini hajafika hapo.

Kujua uko wapi ni kazi ya nusu dakika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika neno hili, kisha gonga Enter:

```
winver
```

Kidirisha kitakachofunguka kina mstari wa aina ya "Version 1809 (OS Build 17763.…)". Tazama tarakimu tano zilizo kabla ya nukta, ndizo zinazolinganishwa na namba ya gemu. Zilizo baada ya nukta ni viraka vya kila mwezi, na hapa hazihusiki.

Huku kwetu kompyuta nyingi zimekwama kwenye matoleo ya zamani kwa sababu inayoeleweka: mtu alizima masasisho ili yasimalize bando, au fundi aliyazima kabla ya kuiuza mashine. Miaka inapita, kompyuta inafanya kazi zake vizuri, na hakuna anayeliona pengo hilo hadi siku gemu inapogoma.

Gemu haifanyi kila kitu yenyewe. Inapotaka kuchora gari barabarani, kusoma faili kutoka kwenye diski au kupokea ishara za pedi, inaiomba Windows ifanye, na maombi hayo yamo ndani ya faili za Windows zenye majina kama `KERNEL32.dll` na `d3d12.dll`. Kila toleo jipya huongeza maombi ambayo toleo la nyuma halikuwa nayo. Watengenezaji wakishaanza kuyatumia, programu inapofunguliwa Windows hupitia orodha ya vyote vilivyoombwa, na kikikosekana kimoja tu inaisimamisha hapo hapo. Ndipo unapokutana na ujumbe kama huu:

```
The procedure entry point ... could not be located
in the dynamic link library KERNEL32.dll.
```

Ukiuona huo, suala limekwisha, Windows yako haina kinachotakiwa. Usiende kupakua faili hiyo ya `.dll` kwenye tovuti za mitaani na kuibandika kwenye folda ya gemu. Faili hizi hutegemeana na sehemu za ndani zaidi za Windows pamoja na draiva ya kadi ya michoro, kwa hiyo ya kuokota haitakufikisha popote, na mara nyingi huja na virusi. Hata ile "Compatibility mode" haisaidii hapa. Yenyewe imetengenezwa ili programu ya zamani iweze kukaa kwenye Windows mpya, na haiwezi kuipa Windows ya zamani kitu isichokuwa nacho.

Hata hivyo si kila sharti la toleo ni ukuta. Mara nyingine maana yake ni kwamba kampuni imeacha kulijaribu toleo la nyuma na haitajibu malalamiko yako. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 ilikubali Windows 7. Juni 2022 watengenezaji wakasitisha uungaji mkono huo. Gemu ni ile ile, lakini kila sasisho lililofuata halikuwa tena na ahadi kwa mtu wa Windows 7. Ndiyo maana gemu iliyokuwa ikicheza jana inaweza kugoma leo baada ya kujisasisha.

Sasa tuje kwenye uamuzi. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kushughulikia Windows kwa sababu ndiyo iliyotajwa kwenye ujumbe, bila kusoma mistari mingine ya mahitaji. Forza Horizon 5 inataka angalau prosesa ya daraja la Core i5-4460, RAM ya GB 8, kadi ya michoro ya daraja la GTX 970 au RX 470, na nafasi ya GB 110 kwenye diski. Windows ni sharti moja tu kati ya hayo, tena ndilo la bei nafuu kuliko yote.

Chukua kompyuta mbili, zote zikiwa na Windows 10 toleo la 1809. Ya kwanza ni ya mezani, iliyotoka ofisini: Core i5-4590, RAM GB 8, na mwenyewe ameiongezea kadi ya RX 570 ya GB 4. Ya pili ni laptopu ya mtumba, HP EliteBook 840 G1 yenye Core i5-4300U, RAM GB 4, na michoro ya Intel HD 4400 iliyomo ndani ya prosesa. Zote zitapewa jibu moja kwamba Windows ni ya zamani. Dawa zao hazifanani hata kidogo.

Fungua `dxdiag` kwa njia ile ile uliyofungulia `winver`. Ukurasa wa kwanza, "System", una mstari unaosema "DirectX Version: DirectX 12", na utauona kwenye kompyuta zote mbili. Mstari huu umewapoteza wengi, kwa sababu unaeleza DirectX, yaani sehemu ya Windows ambayo gemu huitumia kuomba michoro, wala hauzungumzii kadi yako. Nenda kwenye "Display", upande wa kulia, utafute "Feature Levels". Huko ndiko kadi inakojitaja yenyewe. RX 570 itaonyesha hadi 12_0. HD 4400 itaishia 11_1. Zaidi ya hapo, Intel ilifunga DirectX 12 kwenye draiva za baadaye za prosesa za kizazi cha nne kwa sababu za usalama, kwa hiyo gemu inayotaka DirectX 12 haina pa kushika kwenye laptopu ile hata ukiiwekea Windows mpya kabisa.

Kwa mwenye kompyuta ya mezani ningesema pandisha, bila kusita. Kutoka 1809 kwenda 22H2 hakuna malipo, na mafaili na programu vinabaki mahali pake. Unaweza kupitia "Windows Update" kwenye "Settings", ila kwa mtu wa bando ni afadhali Media Creation Tool ya Microsoft: nenda penye intaneti nzuri, tengeneza flashi ya GB 8, rudi nyumbani, ifungue ukiwa ndani ya Windows ile ile, kisha endesha `setup.exe`. Linalofaa kuangaliwa kwa makini ni ukurasa wa mwisho kabla ya "Install", lazima usomeke "Keep personal files and apps". Usiposomeka hivyo, simama na utafute sababu, kwa kawaida ni lugha au toleo la kwenye flashi kutofanana na lililopo. Acha nafasi ya GB 20 na zaidi kwenye diski C. Windows ya zamani hukaa kwenye folda ya `Windows.old` kwa siku 10, na ndani ya muda huo unaweza kurudi nyuma mambo yakiharibika. Ukimaliza, sasisha draiva ya kadi. Wengi hupandisha Windows, wakaacha draiva ya zamani, kisha wakadhani kupandisha hakukusaidia.

Kuna mashine moja ambayo njia hii haitaigusa. Baadhi ya mafundi hupenda kuweka Windows 10 Enterprise LTSC 2019 kwa kuwa ni nyepesi. Hiyo nayo ni 17763, na imeundwa makusudi isihame toleo. Utasubiri "Windows Update" ilete 22H2 hadi uchoke. Ukiona neno "LTSC" kwenye `winver`, dawa ni kuweka Windows nyingine yenye leseni yake, na mafaili yako uyahamishe kwanza.

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiikubali i5-4590, kwa kuwa kwa upande wa Intel karibu yote huanzia kizazi cha nane. Kwa Forza Horizon 5 hilo si kikwazo, 22H2 inaitosha. Ila ukifikiria gemu za miaka ijayo, usidhani mashine hiyo imebakiza safari ndefu.

Mwenye laptopu ningemwambia aache. Akipandisha Windows bado atakuwa pungufu wa RAM na wa kadi, na kadi ya laptopu hiyo haibadilishwi. Atafute gemu inayolingana na kile "Feature Levels" ilichomwonyesha. Kwa mbio za magari, FlatOut 2 ya mwaka 2006 inatumia DirectX 9 na inapatikana kwenye duka la mtandaoni la GOG, ambako unapakua faili ya kusakinishia ukaitunza. Akipenda kuendesha malori, Euro Truck Simulator 2 ina jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui: kwenye Steam, bofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties" halafu "Betas", na unaweza kuchagua matoleo yake ya nyuma yaliyokuwa mepesi zaidi. Lakini Steam yenyewe iliacha Windows 7 na 8.1 tarehe 1 Januari 2024, hivyo aliyebaki huko itampasa ategemee maduka kama GOG.

Kama bado hujanunua, anza na Windows kabla ya kulipa. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa 2. Gemu ya GB 100, ukiipakua GB 5 kwa siku, inamaliza siku 20. Utakapoifungua kwa mara ya kwanza na kukuta imegoma, muda wa kurudishiwa utakuwa umeshapita.