Unavyoikwepa Pantoni, Ndivyo Hofu Inavyonenepa

Tumchukue mtu wa mfano, tumwite Rehema. Ana miaka 34, anaishi Kigamboni na anauza vifaa vya shule Kariakoo. Asubuhi moja yumo ndani ya pantoni, watu wamebanana bega kwa bega, mlango umeshanyanyuliwa na chombo kimeachana na gati. Ghafla moyo unaanza kwenda mbio. Vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, pumzi haitoshi, na wazo moja linamjaa kichwani: nazimia hapa hapa, na hakuna pa kutokea. Anapofika Kivukoni anakwenda hospitali. Wanampima moyo, damu na tezi ya shingoni, hawaoni tatizo. Kilichompata kinaitwa shambulio la hofu. Hupanda upesi, hufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi hazizidi 10, kisha hushuka lenyewe hata usipofanya lolote.

Kesho yake Rehema hapandi pantoni. Anazunguka na daladala kupitia Daraja la Kigamboni na Kurasini. Ni safari ndefu zaidi, lakini anafika salama, na yeye mwenyewe anaona ameamua kwa busara. Miezi mitatu baadaye, kuisikia tu honi ya pantoni kunamtoa jasho la viganja. Foleni ya benki nayo imeanza kumsumbua. Kanisani amehamia benchi la nyuma, karibu na mlango. Hajapata shambulio jingine hata moja ndani ya miezi hiyo, ila hofu imekua. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa kuelewa: imekuaje ikue wakati hakuna kilichomtisha tena?

Tuangalie kwa karibu kinachotokea pale njia panda asubuhi. Tuipime hofu kwa alama kuanzia 0 hadi 100. Akiwaza kuingia kwenye pantoni, iko 70. Akigeuka na kuelekea kwenye daladala, ndani ya sekunde chache inashuka hadi 20. Ile nafuu ni tamu, na ubongo hujifunza haraka jambo linaloleta utamu: mara nyingine utamsukuma kwenye daladala mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Rehema ana utabiri kichwani, kwamba akipanda pantoni atazimia. Kila siku anayozunguka darajani, utabiri huo haujaribiwi. Jioni anafika nyumbani mzima, na badala ya kusema "kumbe ningepona hata kwenye pantoni", ubongo unasema "umepona kwa sababu hukupanda". Daraja linapewa sifa ya kumwokoa na jambo ambalo huenda lisingetokea kabisa.

Na mara nyingi lisingetokea. Kuzimia huja pale shinikizo la damu linaposhuka, damu ikapungua kichwani. Katika shambulio la hofu kwa kawaida shinikizo hupanda na moyo hupiga kwa nguvu. Kizunguzungu na ganzi ya vidole hutokana zaidi na kupumua haraka kupita mahitaji ya mwili. Ipo hofu moja iliyo tofauti: ya damu, vidonda na sindano. Hiyo huweza kweli kumwangusha mtu, na wenye hofu hiyo hufundishwa kukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, kulegeza kidogo, kisha kurudia, ili shinikizo la damu lisishuke.

Tiba inayofuata kutoka hapa ni kuukabili utabiri hatua kwa hatua. Si wazo la juzi. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza jinsi mtoto mdogo aliyeogopa sungura alivyosogezewa sungura kidogo kidogo, mara nyingi akiwa anakula, hadi akamshika kwa mikono yake. Tangu hapo njia imerekebishwa sana, hasa kuhusu tunachokitafuta tunapomsogeza mtu kwenye anachokiogopa.

Kazi huanza kwa swali ambalo watu huliruka: unaogopa nini hasa? Ukimuuliza Rehema haraka atakujibu maji. Lakini kwenye daladala anapita juu ya maji yale yale bila shida, kwa sababu anajua akisema "shusha" konda atagonga bati na gari litasimama. Hofu yake ni kukosa pa kutokea mwili utakapomgeuka. Kama mtaalamu anayemtibu angemweka ufukweni kutazama mawimbi, angepoteza wiki nzima kwenye mlango usio wake.

Baada ya hapo yeye na mtaalamu wanapanga ngazi ya hatua, kutoka inayomtisha kidogo hadi inayomtisha zaidi. Ya Rehema ilikuwa hivi. Kusimama nje karibu na geti la Kivukoni kwa dakika 20, akitazama abiria wakimiminika ndani, aliipa alama 30. Kukata tiketi, kukaa kwenye eneo la kusubiri katikati ya umati na kuiacha pantoni iondoke, 45. Kuvuka Jumamosi saa nne asubuhi na dada yake pembeni, 60. Kuvuka na dada yake akiwa upande wa pili wa chombo, 70. Kuvuka peke yake wakati watu ni wachache, 80. Kuvuka peke yake saa moja asubuhi, katikati kabisa ya msongamano, 95. Anaanza mahali panapomtisha lakini anapoweza kupamudu, si pale ambapo haoni chochote.

Kabla ya kila zoezi anaandika kwenye daftari kitu anachotabiri, kwa maneno yanayoweza kupimwa. "Nitajisikia vibaya" haifai, kwa kuwa hilo litatokea na halithibitishi kitu. Inayofaa ni: "Nitaanguka kabla hatujafika katikati, nina uhakika asilimia 80." Akishavuka anaandika kilichotokea kweli, na kilichomshangaza. Zamani ilifundishwa kwamba mtu abaki mpaka hofu ipungue nusu. Leo wengi wetu tunaotoa tiba hii hatuifanyi hiyo kuwa sharti. Kuna siku Rehema atavuka hofu ikiwa 85 mwanzo hadi mwisho, na bado zoezi limefanya kazi yake, kwa sababu alitabiri kuanguka na hakuanguka. Kilicho muhimu ni kubaki hadi utabiri upate jibu. Pantoni humsaidia hapo, maana ikishaondoka hakuna kushuka katikati.

Marudio ndiyo yanayobeba tiba. Mara moja kwa wiki ni kidogo mno. Ubongo unapata siku sita za kujiambia kwamba ile ilikuwa bahati. Siku nne au tano kwa wiki, na kwenye hatua fupi kama ya kuvuka na kurudi, mara mbili au tatu kwa mkupuo mmoja. Utabiri ukishuka kutoka asilimia 80 hadi 20 kwenye hatua fulani, anapanda inayofuata.

Kuna wanaovuka mara 30 na hofu haitikisiki. Karibu kila mara ukichunguza utakuta mkongojo umefichwa. Rehema alikuwa na chupa ya maji mkononi, simu yenye namba ya dada yake tayari kwenye kioo, na mahali pake palepale, ukingoni ameshika bomba. Anavuka, halafu ubongo unasema: "Umepona kwa sababu ya chupa." Ni daraja lile lile, dogo tu la kubeba mkononi. Mikongojo haiondolewi yote siku moja, lakini lazima iwe na tarehe ya kuondoka: wiki hii simu iingie mkobani, wiki ijayo chupa ibaki nyumbani, kisha asimame katikati bila kushika kitu zaidi ya wanavyoshika abiria wengine.

Hapa inabidi kusema neno la heshima kuhusu dua. Anayesali kwa sababu ndiyo desturi yake ya safari, aendelee. Ila mtu akishaanza kuhesabu, kwamba asipoisoma mara saba bila kukosea ataanguka, hofu imeigeuza dua kuwa mkongojo, na hilo lizungumzwe naye kwa upole, hata pamoja na kiongozi wake wa dini akipenda.

Vidonge vya kutuliza vya diazepamu ni mkongojo unaotupa kazi kubwa zaidi. Mtu anameza kimoja kabla ya kuvuka, anavuka ametulia, na sifa yote inakwenda kwenye kidonge. Matumizi ya muda mrefu huleta utegemezi. Lakini aliyekwisha kuvizoea asiviache ghafla, kwani kuviacha hivyo kunaweza kuleta degedege. Daktari ndiye humpunguzia taratibu.

Ndugu nao hukwepa kwa niaba ya mgonjwa, na hufanya hivyo kwa mapenzi. Mume anamwambia, "Usihangaike mama watoto, nitakupeleka kwa pikipiki kupitia darajani." Kazi yake iliyo bora ni kumuuliza jioni kwenye daftari ameandika nini, na kumwachia asubuhi yake.

Kwa mtu anayeogopa dalili za mwili kama Rehema, huongezwa mazoezi ya kuziita dalili zenyewe akiwa chumbani: kupumua haraka na kwa kina kwa dakika 1, kuzunguka amesimama kwa dakika 1, kukimbia papo hapo kwa dakika 1. Moyo unadunda, kichwa kinazunguka, vidole vinawasha, na anaona vinatulia vyenyewe. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa au ujauzito asifanye haya kabla hajaonwa na daktari.

Tiba hii haimtaki mtu afanye lililo hatari kweli. Rehema anaombwa afanye anachofanya abiria wa kawaida, si kuegemea kamba za ukingoni wala kung'ang'ania chombo kilichojaa kupita kiasi. Na aliyenusurika ajali ya majini, aliyebakwa au kushambuliwa, au mwenye mawazo ya kujidhuru, asianze ngazi peke yake. Aanzie kliniki ya afya ya akili, ambazo hospitali za rufaa za mikoa huwa nazo, maana kwake mpango hubadilika.

Rehema akifika juu ya ngazi, ile kumbukumbu ya asubuhi ya kwanza haijafutwa. Imewekewa kumbukumbu mpya pembeni, na hizo mbili hushindana. Ndiyo maana anavuka asubuhi na jioni, akiwa ameshiba na akiwa na njaa, siku ya jua na siku ya mvua, ili ile mpya iwe na nguvu kila mahali. Na ndiyo maana akitoka likizo ya mwezi mzima kijijini, siku ya kwanza kwenye geti la Kigamboni moyo unaweza kumrudia mbio. Akigeukia daladala siku hiyo, ya kesho yake itakuwa ngumu zaidi. Kama kupanda peke yake kumemshinda, ampigie dada yake wavuke wote wawili saa nne, warudi, kisha avuke tena peke yake siku hiyo hiyo kabla jua halijazama.